Wastani wa gharama ya mtaji kwa uzito wa thamani ya soko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yote hapa chini yanafuata kampuni moja ya kubuni, ili kila namba unayoikuta uweze kuirudia mwenyewe. Sarafu haijatajwa kwa sababu hesabu ni ileile kwa sarafu yoyote.

Kampuni yetu ina hisa milioni 40, na hisa moja inauzwa sokoni kwa 30. Kwenye mizania, mtaji wa wanahisa umeandikwa milioni 500. Deni lake ni hatifungani 600,000 zenye thamani ya usoni ya 1,000 kila moja, yaani milioni 600 kwa jumla. Zinalipa kuponi ya asilimia 8 mara moja kwa mwaka na zimebakiza miaka 5 kuiva. Kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 30.

WACC inapima nini hasa?

Kampuni inapata fedha kwa watu wa aina mbili: wanaoikopesha na wanaomiliki hisa zake. Kila kundi linadai malipo yake kwa kuziacha fedha zake humo. Mkopeshaji anadai riba. Mwenyehisa hana mkataba wa kulipwa, lakini naye anataka faida isiyopungua ile ambayo angeipata kwingine penye hatari kama hii. Wastani wa madai hayo mawili, kila dai likipewa uzito kulingana na fungu la fedha ambalo kundi husika limeweka, ndio WACC, kifupi cha Kiingereza cha weighted average cost of capital. Kwa kampuni yenye deni na hisa za kawaida tu, fomula ni hii:

```
WACC = E/V × Re + D/V × Rd × (1 − T)
```

E ni thamani ya soko ya hisa, D ni thamani ya soko ya deni, V ni jumla yake, Re ni gharama ya mtaji wa wanahisa, Rd ni gharama ya deni kabla ya kodi, na T ni kiwango cha kodi. Fomula yenyewe ni fupi, lakini kila herufi ina mahali pa kuteleza, na mateleza hayo ndiyo yanayozua karibu maswali yote yanayofuata.

Kwa nini uzito utoke kwenye thamani ya soko na si kwenye mizania, wakati mizania imekaguliwa?

Kwa sababu mizania inaeleza fedha zilizoingia zamani, na gharama ya mtaji ni dai la leo. Mtu anayenunua hisa ya kampuni yetu asubuhi hii anatoa 30. Haijalishi kwake kwamba vitabuni hisa hiyo inahesabiwa 12.50 (milioni 500 kugawanya kwa hisa milioni 40). Akitaka faida ya asilimia 15, anaitaka juu ya 30 aliyoitoa. Kwa hiyo ukichukua asilimia ya faida inayotoka sokoni ukaizidisha kwa uzito unaotoka vitabuni, umechanganya vipimo viwili visivyooana.

Thamani ya soko ya hisa ni rahisi kuipata: hisa milioni 40 mara 30 ni milioni 1,200. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kilichoandikwa kwenye mizania. Hesabu hisa zilizo mikononi mwa wanahisa, usihesabu zile ambazo kampuni imezinunua tena na kuzihifadhi. Kama kuna haki nyingi za wafanyakazi kununua hisa kwa bei ya chini, nazo zina thamani inayopaswa kuingizwa.

Hatifungani zetu haziuzwi kila siku. Thamani yake ya soko naipataje?

Unaikokotoa. Kinachohitajika ni riba ambayo soko lingedai leo kwa deni la hatari hii na muda huu. Angalia kampuni zenye daraja kama lako la ukopaji na deni linaloiva karibu na miaka 5, au chukua riba ya hatifungani ya serikali ya muda huo uongeze tofauti ambayo kampuni za daraja lako hulipa juu yake. Tuseme umepata asilimia 11: serikali inalipa 8, na tofauti ni 3.

Kila hatifungani itamlipa mwenye nayo 80 kila mwaka kwa miaka 5, kisha 1,000 mwishoni. Malipo hayo yakipunguzwa kwa asilimia 11, kuponi tano zina thamani ya leo ya 295.67, na ile 1,000 ya mwisho ina thamani ya 593.45. Jumla ni 889.12. Kwenye lahajedwali ni mstari mmoja:

```
=PV(11%,5,-80,-1000)
```

Hatifungani 600,000 mara 889.12 ni kama milioni 533.5. Deni lililoandikwa milioni 600 linathaminiwa milioni 533.5 kwa sababu kuponi ya asilimia 8 ni ndogo kuliko riba inayodaiwa sasa.

Je, kazi hii ni ya lazima kila mara? Kwa mkopo wa benki ambao riba yake inabadilika pamoja na soko, hapana. Thamani yake hukaa karibu na salio la vitabuni, na unaweza kutumia salio hilo bila wasiwasi. Lakini kwa deni la riba isiyobadilika, la miaka mingi, lililotolewa kabla riba za soko hazijapanda au kushuka sana, ifanye. Vilevile ifanye kwa kampuni ambayo hali yake imebadilika tangu ikope.

Gharama ya deni niweke asilimia 8 tunayolipa au asilimia 11 ya soko?

Weka 11. Kosa hili ndilo naliona mara nyingi kuliko mengine yote, na linaeleweka: 8 iko kwenye mkataba, inalipwa kila mwaka, na mhasibu anaiona kwenye taarifa ya mapato. Lakini WACC inatumika kuamua kuhusu fedha zitakazowekwa kuanzia leo. Kampuni ikitaka kukopa kesho italipa 11. Na hata isipokopa, inaweza kutumia fedha zake kununua tena hatifungani zake yenyewe sokoni kwa 889.12, na kufanya hivyo ni sawa na kupata asilimia 11. Mradi unaolipa chini ya hapo hauwezi kushindana na njia hiyo.

Kuna mpaka mmoja wa kuuheshimu. Riba ya soko ni ile iliyoahidiwa, na ahadi si sawa na matarajio. Kampuni imara haina tofauti kubwa kati ya hizo mbili. Kampuni ambayo wakopeshaji wanaiona iko ukingoni inaweza kuwa na hatifungani zinazoonyesha riba ya asilimia 25, kwa sababu soko limeshaweka uwezekano kwamba sehemu ya deni haitalipwa. Ukiiingiza 25 kwenye fomula kama ilivyo, utaipandisha WACC kupita ukweli. Hapo punguza hasara inayotarajiwa kwanza, au tafuta njia nyingine ya kuithamini kampuni hiyo. WACC haikutengenezwa kwa kampuni inayokaribia kufilisika.

Kodi inaingia wapi, na inaingia kila wakati?

Riba hutolewa kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa, gawio halitolewi. Kwa hiyo kila 100 ya riba inapunguza kodi kwa 30, na kampuni inabaki imebeba 70. Gharama ya deni baada ya kodi kwa kampuni yetu ni asilimia 11 mara 0.70, yaani asilimia 7.7. Gharama ya mtaji wa wanahisa haiguswi na kodi hii. Ukiona mtu amezidisha WACC nzima kwa (1 − T), mrudishie karatasi.

Kiwango cha kutumia ni kile ambacho kampuni italipa juu ya faida yake inayofuata, kwa kawaida kiwango cha kisheria. Usichukue kodi ya mwaka jana ukaigawanya kwa faida ya mwaka jana, maana namba hiyo hubeba misamaha ya muda, hasara za zamani na marekebisho ambayo hayahusiani na riba ya kesho.

Jibu la sehemu ya pili ni hapana. Nafuu ya kodi ipo pale tu ambapo kuna kodi ya kupunguza. Kampuni yenye hasara, ambayo haitegemei kulipa kodi kwa miaka kadhaa, haipati 30 kwa kila 100 ya riba mwaka huu. Inazipata baadaye, zikiwa na thamani ndogo, au haizipati kabisa. Kwa kampuni ya aina hiyo gharama ya deni iko karibu na 11 kuliko 7.7. Pia nchi nyingi zimeweka ukomo wa riba inayokubalika kupunguza kodi. Mwaka 2015 shirika la OECD lilipendekeza ukomo huo uwe kati ya asilimia 10 na 30 ya faida kabla ya riba, kodi na uchakavu, na nchi kadhaa zimeufuata. Kampuni yenye deni zito ikivuka ukomo, riba ya ziada haileti nafuu mwaka huo. Soma sheria ya mahali kampuni inapolipa kodi kabla ya kuandika (1 − T) kwa mazoea.

Gharama ya mtaji wa wanahisa haijaandikwa popote. Inatoka wapi?

Inakadiriwa. Njia inayotumika zaidi inatokana na kazi ya William Sharpe ya mwaka 1964 na wenzake wa wakati huo: unaanza na faida isiyo na hatari, kisha unaongeza malipo ya hatari ya soko yaliyozidishwa kwa beta ya kampuni.

```
Re = Rf + β × ERP
```

Rf ni asilimia 8, ile ya hatifungani ya serikali. ERP ni faida ya ziada ambayo wawekezaji wanadai ili washike hisa badala ya hatifungani hiyo, tuseme asilimia 6. Beta inaonyesha jinsi hisa ya kampuni inavyoyumba pamoja na soko zima. Beta ya 1 inakwenda sambamba na soko, ya juu ya 1 inayumba zaidi. Yetu ni 1.2. Kwa hiyo Re ni 8 kuongeza 1.2 mara 6, yaani asilimia 15.2.

Rf na gharama ya deni zitoke kwenye sarafu moja na muda unaolingana. Ukichukua Rf ya dola na gharama ya deni ya sarafu yenye mfumuko mkubwa wa bei, wastani wako hauna maana katika sarafu yoyote. Na mtiririko wa fedha unaotaka kuupunguza nao uwe katika sarafu hiyohiyo, ukiwa na mfumuko wa bei ndani yake.

Ukweli unaopaswa kusemwa wazi ni kwamba ERP ndiyo namba yenye ubishi mkubwa kuliko zote hapa. Mtu makini anaweza kuweka 5, mwingine 7, na wote wakawa na hoja. Kwa kampuni yetu, 5 inaleta WACC ya asilimia 12.06 na 7 inaleta 13.72. Kwa hiyo sioni maana ya kuripoti WACC yenye desimali nne. Ripoti namba moja pamoja na masafa yake, useme masafa hayo yametokana na nini.

Tukiweka yote pamoja tunapata ngapi?

Hisa ni milioni 1,200 na deni ni milioni 533.5, jumla milioni 1,733.5. Uzito wa hisa ni asilimia 69.2 na wa deni ni asilimia 30.8. Basi:

```
WACC = 0.692 × 15.2% + 0.308 × 7.7%
     = 10.52% + 2.37%
     = 12.89%
```

Sasa tazama ingekuwaje kwa mtu aliyefuata mizania. Angepata hisa milioni 500 na deni milioni 600, yaani uzito wa asilimia 45.5 na 54.5. Angetumia kuponi ya 8, ambayo baada ya kodi ni 5.6. Wastani wake ungekuwa asilimia 9.96.

Tofauti ya karibu pointi tatu inafanya nini? Chukua mradi unaogharimu milioni 100 na unaoleta milioni 11.5 kila mwaka baada ya kodi, bila kikomo. Kwa asilimia 9.96 mradi huo una thamani ya milioni 115 hivi, na bodi itaupitisha kwa furaha. Kwa 12.89 una thamani ya milioni 89 tu. Kampuni itatoa 100 na kupokea kitu chenye thamani ya 89. Hakuna hundi itakayokataliwa na hakuna mwaka utakaoonyesha hasara, maana mradi unaleta faida kila mwaka. Wanahisa wamepoteza milioni 11 kimyakimya, na kwenye vitabu vya hesabu hakuna mstari utakaoionyesha hasara hiyo.

Kama deni linagharimu 7.7 na hisa 15.2, kwa nini tusikope zaidi ili wastani ushuke?

Kwa sababu 7.7 na 15.2 hazikai palepale unapobadilisha uzito. Swali hili lina historia. Mwaka 1958 Franco Modigliani na Merton Miller walionyesha kwamba pasipo kodi wala gharama za kufilisika, kugawa fungu la fedha kati ya deni na hisa hakubadilishi thamani ya kampuni. Mwaka 1963 walisahihisha hesabu yao kwa kuingiza nafuu ya kodi. Hoja ya msingi ilibaki: deni linapoongezeka, mwenyehisa anasimama nyuma ya foleni ndefu zaidi, na anadai zaidi.

Tuipime. Tunaondoa kwanza athari ya deni la sasa kwenye beta, kwa fomula ambayo Robert Hamada aliieleza mwanzoni mwa miaka ya 1970:

```
βu = β / (1 + (1 − T) × D/E)
   = 1.2 / (1 + 0.7 × 0.4446)
   = 0.915
```

Hii ndiyo beta ya biashara yenyewe, kama isingekuwa na deni. Tuseme kampuni inataka kufikia nusu kwa nusu, yaani D/E ya 1. Beta mpya ni 0.915 mara 1.7, sawa na 1.556, na Re inapanda hadi asilimia 17.3. Wakopeshaji nao wataona deni limekua. Tuseme watadai 12.5, ambayo baada ya kodi ni 8.75. Wastani mpya ni nusu ya 17.3 kuongeza nusu ya 8.75, yaani asilimia 13.0.

Aliyebadilisha uzito tu na kuacha 15.2 na 7.7 angepata 11.45. Angeiambia bodi kwamba kukopa kumeipunguzia kampuni gharama kwa karibu pointi moja na nusu, na hakuna hata chembe ya nafuu hiyo iliyopo.

Fomula ya Hamada ina udhaifu wake: inachukulia kwamba mkopeshaji habebi sehemu yoyote ya hatari ya soko. Deni linapokuwa kubwa hilo si kweli, na beta inayotoka huwa juu kidogo kupita kiasi. Kwa hiyo ile 13.0 isome kama makadirio ya upande wa juu. Unachoweza kukiamini ni kwamba wastani hausogei sana: karibu nafuu yote ya deni rahisi inaliwa na kupanda kwa Re.

Bei ya hisa inabadilika kila siku. Nitumie uzito wa leo au uzito tunaoulenga?

Kama unathamini mradi utakaodumu miaka mingi, na uongozi una sera ya kweli ya kiasi cha deni, tumia uzito unaolengwa, ukihakikisha umepimwa kwa thamani ya soko na kwamba beta na gharama ya deni zimerekebishwa kuufuata. WACC moja inayotumika kwa miaka yote inachukulia kwamba uwiano wa deni utabaki huohuo. Kama deni litalipwa lote ndani ya miaka michache, kama inavyotokea kampuni inaponunuliwa kwa mkopo mkubwa, WACC moja haifai. Afadhali uithamini biashara kana kwamba haina deni, kisha uongeze thamani ya nafuu ya kodi pembeni.

Ukitumia uzito wa leo, jihadhari na mtego huu. Tuseme hisa inaanguka kutoka 30 hadi 24. Uzito wa hisa unashuka hadi asilimia 64.3, na usipogusa kitu kingine WACC inashuka hadi 12.52. Yaani hisa zimeanguka na mtaji umekuwa rahisi! Ukiirekebisha beta kwa D/E mpya, Re inapanda hadi 15.6 na WACC inarudi 12.80, karibu na ilipokuwa. Na kama hisa zimeanguka kwa sababu wawekezaji wanadai faida kubwa zaidi kuliko jana, basi ERP au Rf yako nayo imepitwa na wakati.

Kampuni yetu haipo kwenye soko la hisa. Tunafanyaje bila bei?

Kuna njia mbili za haki. Ya kwanza ni kuchukua uwiano wa deni wa kampuni zinazofanya biashara kama yenu na zilizoorodheshwa sokoni, ukapimwa kwa thamani ya soko. Beta mtaichukua kwa hizohizo: ondoa athari ya deni la kila moja, tafuta ya katikati, kisha irudishie athari ya deni mnalolilenga ninyi.

Njia ya pili ni kuzungusha hesabu. Ili kupata WACC unahitaji thamani ya hisa, na ili kupata thamani ya hisa unahitaji WACC. Duara hili linatatulika kwa kukisia na kurudia. Tuseme kampuni ina deni la milioni 150 na inazalisha milioni 60 kwa mwaka bila kikomo, baada ya kodi na kabla ya kuwalipa wakopeshaji, na tuchukue Re na Rd zilezile ili mwendo uonekane vizuri.

Anza na makisio ya nusu kwa nusu. WACC ni 11.45, thamani ya kampuni ni 60 kugawanya kwa 0.1145, yaani milioni 524. Toa deni, hisa ni 374. Lakini 150 katika 524 ni asilimia 28.6, si 50. Ukirudia kwa uzito huo, WACC inakuwa 13.05 na thamani milioni 460. Mzunguko unaofuata unaleta 12.75 na 470, kisha 12.81 na 468. Unaona inavyotulia. Inaishia kwenye WACC ya 12.80, thamani ya milioni 468.75, na uzito wa asilimia 68 kwa 32 kamili.

Katika kazi halisi, Re nayo irekebishwe kila mzunguko kwa D/E mpya. Lahajedwali itaweza kukuonya kwamba fomula inajirejea. Ama ruhusu marudio kwenye mipangilio, ama, ambayo naipenda zaidi, weka seli ya makisio na uinakili thamani mpya kwa mkono mpaka zilingane. Inachukua dakika chache, na unaona kila hatua.

Mtiririko wa fedha nitoe riba kwanza au nisitoe?

Usitoe. Mtiririko unaopunguzwa kwa WACC ni ule wa kampuni kabla ya kumlipa yeyote aliyeleta mtaji, na kodi yake hukokotolewa kana kwamba hakuna deni. Riba na nafuu yake ya kodi tayari zimo ndani ya 7.7. Ukitoa riba kwenye mtiririko, umeihesabu mara mbili. Ukitumia kodi halisi iliyolipwa, ambayo imeshapunguzwa na riba, umehesabu nafuu mara mbili. Kosa la kwanza linashusha thamani, la pili linaipandisha, na mtu akiyafanya yote mawili yanaweza kufichana.

Madeni ya wauzaji, hisa za upendeleo, mikataba ya kukodi, fedha taslimu: vipi kuviweka?

Madeni ya kawaida kwa wauzaji hayaingii kwenye D, maana yameshaingia kwenye mabadiliko ya mtaji wa uendeshaji ndani ya mtiririko wa fedha. Hisa za upendeleo hupewa fungu lake la tatu, kwa thamani yake ya soko na gharama yake bila kupunguzwa kodi. Mikataba ya kukodi, ambayo tangu 2019 kiwango cha uhasibu cha IFRS 16 kinataka mingi yake ionekane kwenye mizania, ni deni. Ukiiweka kwenye D, hakikisha malipo yake hayajatolewa tena kwenye mtiririko wa fedha. Fedha taslimu zilizozidi mahitaji ya biashara wengi huzitoa kwenye deni. Ni sawa, ilimradi D/E uliyoitumia kwenye beta nayo iwe imetolewa fedha hizo.

Naweza kutumia 12.89 kwa kila mradi wa kampuni?

Kwa mradi unaofanana na biashara iliyopo, ndiyo. Kampuni ya saruji inayoongeza tanuri la saruji haina haja ya kutafuta mbali. Lakini kampuni hiyohiyo ikiingia kwenye programu za simu, hatari ya mradi ni ya programu za simu, na beta itafutwe kwa kampuni za fani hiyo. Kiwango kimoja kwa miradi yote huifanya miradi ya hatari ionekane mizuri na ile tulivu ionekane mibaya, na kadiri miaka inavyopita kampuni hujikuta imejaa ile ya kwanza.

Nitajuaje kwamba nimekosea kabla mtu mwingine hajaniambia?

Anza na mpangilio wa namba. Katika kampuni yetu 7.7 iko chini ya 12.89, nayo iko chini ya 15.2. WACC ikitoka nje ya mipaka hiyo, uzito wako haujumlishi kuwa asilimia 100. Kisha linganisha Re na Rd kabla ya kodi: 15.2 dhidi ya 11. Mwenyehisa hulipwa baada ya mkopeshaji, kwa hiyo Re ikitoka chini ya Rd kuna kitu hakiendani, mara nyingi ni beta iliyopimwa kwenye hisa isiyouzwa mara kwa mara. Hisa ambayo hupita siku nyingi bila kuuzwa bei yake haisogei na soko, beta inatoka 0.3, na hisa ya kampuni yenye hatari kubwa inaonekana salama kuliko deni lake. Hapo iache beta hiyo na utumie ya kampuni zinazofanana nayo.

Mwisho, badilisha herufi moja moja uone WACC inavyosogea. Kwa kampuni yetu, kupandisha gharama ya deni kwa pointi nzima kunaisogeza WACC kwa 0.2 tu, huku kupandisha Re kwa pointi moja kukiisogeza kwa 0.7. Hiyo inakuonyesha muda wako uende wapi: saa moja ya kubishana kuhusu beta na ERP ina thamani kuliko siku nzima ya kutafuta riba ya hatifungani hadi desimali ya pili.